Kutoka alama hadi pasentaili na kurudi: namna ya kulisoma jedwali la z

Maswali ni yale yale kila muhula. "Nimeambiwa asilimia 15 ya juu, naiangalia wapi kwenye jedwali?" "Kwa nini mimi nimepata 0.8023 na mwenzangu 1.04?" "Hapa natoa kwenye 1 au sitoi?" Yote matatu yana chanzo kimoja. Jedwali la z lina namba za aina mbili: zile za pembeni, ambazo ni z, na zile za ndani, ambazo ni eneo. Ukipewa alama unaingilia pembeni na kutokea ndani. Ukipewa asilimia unaingilia ndani na kutokea pembeni. Wengi wanakosea mlango, na hesabu yote inayofuata, hata ikiwa safi kiasi gani, haiwasaidii.

Mwongozo huu unafuata mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Kuna mtihani wa mchujo wenye watahiniwa 400 na nafasi 60. Alama zinakwenda 0 hadi 100, hazina desimali, na uzoefu wa miaka iliyopita unaonyesha zinafuata mgawanyo wa kawaida wenye wastani 58 na mkengeuko sanifu 12. Tunataka kujua mambo mawili: aliyepata 73 yuko wapi kati ya wenzake, na alama ya kikomo iwekwe ngapi ili nafasi 60 zijae bila kufurika.

## Uwe na nini kabla ya kuanza

- Jedwali la mgawanyo wa kawaida sanifu. Lolote lile, ila usilitumie kabla ya hatua ya 1.
- Wastani na mkengeuko sanifu wa alama zako. Ukipewa varianzi, tafuta kwanza kipeuo chake cha pili.
- Kikokotoo cha kawaida.
- Penseli na karatasi ya kuchorea. Mchoro si pambo. Ndio utakaokuambia kama jibu lina akili au halina.

Nadharia utakayohitaji ni ndogo. Eneo lote chini ya mkunjo ni 1. Mkunjo unalingana pande zote mbili, kwa hiyo kushoto kwa wastani kuna 0.5 na kulia kuna 0.5. Na z ni jibu la swali "alama hii iko mikengeuko mingapi kutoka kwenye wastani?" Ikiwa juu ya wastani z ni chanya, ikiwa chini ni hasi. Pasentaili ya 85 ni ile alama ambayo asilimia 85 ya watahiniwa wako chini yake. Haina uhusiano na kupata 85 kwenye mtihani.

## Hatua ya 1: Tambua una jedwali la aina gani

Majedwali hayafanani, na hapa ndipo watu wawili wenye hesabu sahihi hupata majibu tofauti. Tafuta z = 1.00 kwenye jedwali lako uone namba iliyoandikwa pale.

- Ukikuta 0.8413, jedwali linahesabu eneo lote la kushoto, kuanzia mwisho wa mkia hadi kwenye z.
- Ukikuta 0.3413, linahesabu kuanzia katikati, yaani kutoka kwenye wastani hadi kwenye z. Ongeza 0.5 upate eneo la kushoto.
- Ukikuta 0.1587, linahesabu mkia wa kulia, yaani kutoka kwenye z kwenda juu. Toa kwenye 1 upate eneo la kushoto.

Usijaribu kulitambua kwa z = 0.00, maana aina ya kwanza na ya tatu zote zinaonyesha 0.5000 pale. Tumia 1.00.

Mimi nafanya kazi na eneo la kushoto tu, na nakushauri ufanye hivyo hata kama jedwali lako ni la aina nyingine: badilisha namba iwe ya kushoto mara moja, kisha endelea. Kichwa kikizoea lugha moja hakichanganyi. Hiki hapa kipande cha jedwali la aina ya kwanza, ambacho kitatutosha kwa sehemu kubwa ya mfano wetu:

```
 z    .00    .01    .02    .03    .04    .05    .06    .07    .08    .09
0.8  .7881  .7910  .7939  .7967  .7995  .8023  .8051  .8078  .8106  .8133
0.9  .8159  .8186  .8212  .8238  .8264  .8289  .8315  .8340  .8365  .8389
1.0  .8413  .8438  .8461  .8485  .8508  .8531  .8554  .8577  .8599  .8621
1.1  .8643  .8665  .8686  .8708  .8729  .8749  .8770  .8790  .8810  .8830
1.2  .8849  .8869  .8888  .8907  .8925  .8944  .8962  .8980  .8997  .9015
```

Safu ya kushoto kabisa inakupa z hadi desimali ya kwanza. Mstari wa juu kabisa unakupa desimali ya pili. Kwa hiyo z = 1.25 ni mstari wa 1.2 unapokutana na safu ya .05: 0.8944.

## Kutoka alama kwenda pasentaili

Huu ndio upande mwepesi, tuupite haraka.

Hatua ya 2: Geuza alama iwe z. Toa wastani, kisha gawanya kwa mkengeuko sanifu.

```
z = (x - wastani) / mkengeuko
z = (73 - 58) / 12 = 1.25
```

Anza na alama, ndipo utoe wastani. Ukiupindua mpangilio huo utapata −1.25, na mtu aliyefanya vizuri utamtupa chini ya wastani.

Hatua ya 3: Ingia pembeni, tokea ndani. Tumeshaona 1.25 inatoa 0.8944. Maana yake asilimia 89.44 ya eneo iko kushoto kwa 73. Mtahiniwa wetu yuko karibu na pasentaili ya 89.

Hatua ya 4: Kama z ni hasi, tumia ulinganifu. Majedwali mengi hayana ukurasa wa z hasi, na si tatizo. Tafuta z ile ile bila alama ya kutoa, kisha toa jibu kwenye 1. Aliyepata 48, kwa mfano, ana z = (48 − 58)/12 = −0.83. Jedwali linasema 0.7967 kwa 0.83, kwa hiyo eneo la kushoto kwa −0.83 ni 1 − 0.7967 = 0.2033. Yuko pasentaili ya 20.

Hapa pana kosa moja la kulichunga: mtu anasahau kutoa kwenye 1 na kuandika pasentaili ya 80 kwa mtu aliye chini ya wastani. Huhitaji hesabu kulinasa. Alama yoyote iliyo chini ya wastani lazima iwe na pasentaili chini ya 50, na iliyo juu ya wastani lazima izidi 50. Jibu likivunja kanuni hiyo, rudi nyuma.

## Kutoka asilimia kwenda alama

Sasa tuko kwenye kazi yenyewe. Tuna nafasi 60 kwa watu 400, na 60 gawanya kwa 400 ni 0.15. Tunatafuta alama ambayo juu yake kuna asilimia 15 tu.

Hatua ya 5: Chora, tia kivuli, andika eneo la kushoto. Chora mkunjo wa kengele, weka 58 katikati, halafu piga mstari wima upande wa kulia, mahali unapodhani kikomo kitakuwa. Tia kivuli sehemu ya kulia ya mstari na uandike 0.15 ndani yake. Kilichobaki kushoto ni 1 − 0.15 = 0.85. Hiyo 0.85 ndiyo namba ya kwenda nayo kwenye jedwali.

Maneno ya swali ndiyo yanayoamua, kwa hiyo yasome polepole. "Asilimia 15 ya juu", "asilimia 15 walizidi", "mmoja kati ya kila watu 20 anapita": zote hizi zinakupa eneo la kulia, na ni lazima utoe kwenye 1. "Asilimia 20 ya chini", "pasentaili ya 20", "asilimia 20 hawakufika": hizi tayari ni eneo la kushoto, usitoe kitu. Hili ndilo jibu la lile swali la kutoa au kutotoa kwenye 1. Mchoro unalijibu wenyewe kila mara, ndiyo maana nauning'ang'ania.

Hatua ya 6: Ingia ndani, tokea pembeni. Tafuta 0.8500 katikati ya namba za ndani ya jedwali, si kwenye safu ya z. Namba za ndani zinapanda kadiri unavyokwenda kulia na kushuka mistari, kwa hiyo kuitafuta si kazi ngumu: mstari wa 0.9 unaishia 0.8389, bado haujafika; mstari wa 1.0 unaanzia 0.8413 na kuishia 0.8621, basi 0.8500 imo humo. Pita mstari huo taratibu. Kwenye safu ya .03 kuna 0.8485, kwenye .04 kuna 0.8508. Namba yetu iko kati ya hizo mbili.

Anayeingia mlango usio wake huchukua 0.85 akaitafuta kwenye safu ya z, mstari wa 0.8 na safu ya .05, akatoka na 0.8023. Hiyo 0.8023 ni jibu sahihi la swali ambalo hakuna aliyeuliza. Ndiye yule wa swali la pili pale mwanzo.

Hatua ya 7: Amua z utakayotumia. Una njia mbili.

Ya haraka ni kuchukua iliyo karibu zaidi. Kutoka 0.8485 hadi 0.8500 kuna tofauti ya 0.0015, kutoka 0.8500 hadi 0.8508 kuna 0.0008. Ya pili iko karibu, kwa hiyo z = 1.04.

Ya uangalifu ni kugawa nafasi iliyopo kati ya namba hizo mbili kwa uwiano. Pengo lote ni 0.8508 − 0.8485 = 0.0023. Sisi tumepita 0.0015 ya pengo hilo, yaani 15/23, karibu 0.65. Basi z yetu ni 1.03 na 0.65 ya hatua moja ya 0.01, yaani 1.0365. Kompyuta inatoa 1.0364, kwa hiyo penseli haikutuangusha.

Mara chache namba inaangukia katikati kabisa. Ukitafuta 0.9500 utakuta 0.9495 kwenye 1.64 na 0.9505 kwenye 1.65, umbali sawa pande zote. Hapo watu wote huandika 1.645, na inafaa uikariri maana utakutana nayo tena na tena.

Hatua ya 8: Rudisha z iwe alama. Pindua ile fomula ya hatua ya 2:

```
x = wastani + z * mkengeuko
x = 58 + 1.0365 * 12 = 70.44
```

Ukitumia 1.04 unapata 70.48. Tofauti ni ndogo, na kwa kazi kama hii haibadilishi uamuzi. Wapo wanaoishia hatua ya 7 na kuandika "alama ya kikomo ni 1.04". Hiyo bado ni z. Hakuna mtahiniwa atakayejua kama amepita kwa kuambiwa 1.04.

Hatua ya 9: Fikia alama inayotumika kweli. Mtihani wetu hauna nusu alama. Je, kikomo kiwe 70 au 71? Kanuni ya shuleni ya kukadiria inasema 70.44 inakuwa 70, na wengi wanaandika hivyo bila kusita. Tuone gharama yake.

Alama zikiwa namba kamili na mkunjo ukiwa laini usio na ngazi, kila alama kamili inachukua nafasi ya nusu huku na nusu kule. Alama ya 70 inaanzia 69.5 na kuishia 70.5. Kwa hiyo "aliyepata 70 au zaidi" kwenye mkunjo ni eneo lililo kulia kwa 69.5:

```
z = (69.5 - 58) / 12 = 0.96
eneo la kushoto = 0.8315
eneo la kulia   = 0.1685
0.1685 * 400    = 67
```

Watu 67 wanasubiri nafasi 60. Sasa jaribu "71 au zaidi", ambayo inaanzia 70.5:

```
z = (70.5 - 58) / 12 = 1.04
eneo la kushoto = 0.8508
eneo la kulia   = 0.1492
0.1492 * 400    = 60
```

Kikomo ni 71. Alama moja tu imeamua watu saba. Kwa hiyo kukiwa na nafasi zenye ukomo, usikadirie kwa mazoea. Jaribu alama kamili zote mbili zilizo jirani na jibu lako, kisha uchague ile isiyopitisha watu wengi kuliko nafasi zilizopo.

Kumbuka kwamba 67 na 60 ni matarajio, si hesabu ya vichwa. Siku ya matokeo wanaweza kuwa 56 au 63. Na kama tayari una orodha ya alama zote 400 mkononi, achana na jedwali kabisa: zipange kutoka juu hadi chini na uhesabu hadi mtu wa 60. Jedwali ni la pale unapotakiwa kutangaza kikomo kabla ya mtihani, au unapokuwa na wastani na mkengeuko tu bila orodha.

## Upande wa chini

Tuseme asilimia 20 ya chini watapewa masomo ya ziada. Kwenye mchoro kivuli kiko kushoto, na eneo la kushoto ni 0.20 moja kwa moja. Jedwali letu halina namba iliyo chini ya 0.5, kwa hiyo tunatumia ulinganifu kwa kinyume: tafuta 1 − 0.20 = 0.80 ndani ya jedwali, pata z, kisha uiwekee alama ya kutoa. Mstari wa 0.8 safu ya .04 una 0.7995, ndiyo iliyo karibu zaidi na 0.8000. Kwa hiyo z = −0.84.

```
x = 58 + (-0.84) * 12 = 58 - 10.08 = 47.92
```

Hiyo alama ya kutoa haimo kwenye jedwali. Unaiweka wewe kwa sababu mchoro unakuonyesha uko kushoto kwa wastani. Ukiisahau utapata 68.08, na utawapeleka watu waliofaulu vizuri kwenye masomo ya ziada. Kipimo ni kile kile: pasentaili ya 20 haiwezi kuwa juu ya wastani.

## Wa katikati

Swali hili linawaangusha hata waliofuata vizuri hadi hapa. "Asilimia 80 ya katikati wako kati ya alama zipi?" Anayekwenda mbio anatafuta 0.80, anapata 0.84, na kuandika 47.92 hadi 68.08. Lakini tumeona sasa hivi kwamba chini ya 47.92 kuna asilimia 20, na kwa ulinganifu juu ya 68.08 kuna asilimia 20 nyingine. Katikati zimebaki 60, si 80.

Anza na kilichobaki nje. Asilimia 80 zikiwa katikati, nje ziko 20, nusu yake kila upande: 10 kushoto, 10 kulia. Mpaka wa kulia basi una eneo la kushoto la 0.80 + 0.10 = 0.90. Ndani ya jedwali, mstari wa 1.2 una 0.8997 kwenye .08 na 0.9015 kwenye .09. Ya kwanza iko karibu sana, z = 1.28. Mpaka wa kushoto ni −1.28.

```
58 - 1.28 * 12 = 42.64
58 + 1.28 * 12 = 73.36
```

Angalia pia jinsi 73.36 inavyokaa jirani na yule mtahiniwa wetu wa 73 aliyekuwa pasentaili ya 89. Majibu ya pande mbili yakishikana hivyo, ujue uko njiani.

## Wakati kinachokosekana ni mkengeuko

Fomula ni ile ile, kinachobadilika ni kipi hukijui. Tuseme mtihani mwingine una wastani 58, na umeambiwa asilimia 5 walizidi 80. Eneo la kushoto kwa 80 ni 0.95, z yake ni 1.645. Basi alama 22 zilizopo kati ya 58 na 80 ni mikengeuko 1.645, na mkengeuko mmoja ni 22 / 1.645 = 13.37. Usiweke 0.95 wala 0.05 kwenye fomula. Uwezekano hauingii mle hata siku moja, ni lazima ugeuzwe kuwa z kwanza.

## Kuhakiki kwa kompyuta

Ukiwa na programu ya lahajedwali, hizi tatu zinatosha. Ya kwanza inatoka z kwenda eneo la kushoto, ya pili inatoka eneo kwenda z, ya tatu inatoka eneo kwenda alama moja kwa moja:

```
=NORM.S.DIST(1.25,TRUE)
=NORM.S.INV(0.85)
=NORM.INV(0.85,58,12)
```

Ya mwisho inatoa 70.437. Zote zinazungumza eneo la kushoto. Ukiandika 0.15 badala ya 0.85 programu haitalalamika, itakupa 45.56 kwa utulivu kabisa. Mchoro bado unahitajika.

## Jibu likikataa

Kila alama inaangukia karibu na pasentaili ya 50. Huenda umegawanya kwa varianzi. Kwa mtihani wetu varianzi ni 144, na 15/144 inatoa z ya 0.10, yaani eneo la 0.5398. Mtu aliyezidi wastani kwa alama 15 hawezi kuwa pasentaili ya 54 ilhali mkengeuko ni 12.

Jibu linatofautiana na la kitabu kwenye desimali ya pili. Mmoja amechukua z iliyo karibu, mwingine amegawa kwa uwiano au ametumia kompyuta. Hakuna aliyekosea. Tofauti ikifika alama nzima na zaidi, hapo tafuta kosa.

z haimo kwenye jedwali. Majedwali mengi yanaishia 3.49 au mapema zaidi. Kulia kwa 3.49 kuna eneo la karibu 0.0002 tu. Andika kwamba eneo la kulia ni dogo kuliko lile la z ya mwisho kwenye jedwali lako na usonge mbele. Ila kabla ya hapo hakikisha z kubwa kama hiyo haikutokana na kusahau kugawanya.

Pasentaili zinapanda kwa hatua zisizo sawa. Ndivyo zilivyo. Kutoka pasentaili ya 50 hadi ya 60 kwenye mtihani wetu ni alama 3 tu, kwa sababu katikati watu wamebanana. Kutoka ya 90 hadi ya 99 ni alama zaidi ya 12. Kwa hiyo usichukue pasentaili ya 90 na ya 99 ukagawa katikati ili kupata ya 95; rudi kwenye jedwali. Kwa sababu hiyo hiyo, ukiwa mkiani ni vyema ugawe kwa uwiano badala ya kuchukua z iliyo karibu, maana huko namba za ndani zimesogeleana na kosa dogo la eneo linazaa kosa kubwa la alama.

Hesabu ni sahihi lakini jibu haliwezekani. Tuseme mtihani rahisi una wastani 85, mkengeuko 12, na alama ya juu kabisa ni 100. Weka 100 kwenye fomula: z = 1.25, eneo la kulia 0.1056. Jedwali linadai zaidi ya asilimia 10 ya watu wamezidi 100. Hapo kosa si lako wala la jedwali. Alama zimesongamana juu, mgawanyo wake si wa kawaida, na hakuna pasentaili yoyote kutoka kwenye jedwali hili utakayoweza kuitegemea kwa mtihani huo. Fanya jaribio hilo kwa ncha zote mbili kabla ya kuanza kazi. Kwa mtihani wetu wa 58 na 12, alama ya 100 ina z = 3.5 na alama ya 0 iko mbali zaidi, kwa hiyo ncha hazitusumbui. Hilo halithibitishi kwamba mgawanyo ni wa kawaida, ila mtihani ukishindwa jaribio hili, tafuta orodha ya alama zenyewe na uhesabu pasentaili kwa kupanga.